Re: Mtoto amefupika?

"Mvulana alikuwa sm 66.0 alipotimiza miezi mitano. Leo katimiza sita, nasoma 65.2. Kichwa nacho 44.6, mwezi jana 42.5. Nichore hivyohivyo?"

Salaam dadangu. Usichore bado kwenye chati ya ukuaji. Mfupa haurudi nyuma, kwa hivyo pima upya kwanza.

Anza na magoti. Mtoto akikunja hata mguu mmoja, sentimita moja imekwenda. Hapa kwetu Likoni mama mwenyewe hushika kichwa: utosi uguse ubao, macho yatazame juu moja kwa moja. Wewe bonyeza magoti taratibu kwa mkono mmoja, kwa mwingine sukuma kibao mpaka nyayo zilale bapa, vidole vikielekea juu. Soma haraka kabla hajapiga teke! Pima mara mbili. Zikipishana zaidi ya sm 0.7, rudieni. Ukipata kama 67.4, iko karibu kabisa na mstari wa kati wa wavulana wa miezi sita, 67.6.

Kichwani nashuku kofia au nywele. Vua, fumua, kisha pitisha utepe usiovutika juu ya nyusi na nyuma palipochomoza zaidi, ukaze ubane nywele. Hapo tofauti isizidi sm 0.5.

Yakibaki 44.6 baada ya kurudia, hilo si la kusubiri kliniki ijayo, hata kama nukta ingali kati ya mistari: kuruka sm 2 kwa mwezi katika umri huo ni kwingi. Gusa utosi kama umevimba, umpeleke kwa daktari leo.