Barua ya onyo iliyoanza na siku tano ikabaki na tatu

*Swali la wiki: Mfanyakazi wako anachelewa mara kwa mara, na umeshamwambia kwa mdomo bila mafanikio. Barua ya kwanza ya onyo utaiandikaje bila kumwonea?*

Mimi hushughulikia mambo ya wafanyakazi katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Arua. Juni 2025 meneja alinijia amekasirika, akiwa na karatasi yenye tarehe tano alizochelewa mtunza stoo wetu, na juu yake ameandika: "Huyu anachelewa kila siku." Aliitaka barua jioni ileile. Nikamwomba siku mbili.

Kwanza nilifungua daftari la getini. Kazi inaanza saa 1:30 asubuhi, lakini tuna maaskari wawili: mmoja anaandika 7:55, mwenzake anaandika 1:55, na wote wamemaanisha kitu kimoja. Nilizigeuza saa zote ziwe za Kiswahili kabla ya kuhesabu dakika, kwa sababu mtu akikuta saa zimechanganyika ndani ya barua, atabishana na saa na kuliacha kosa.

Tarehe ya kwanza ya meneja ilikuwa ya Aprili. Niliifuta. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mwajiri siku 15 tangu alipojua kosa. Zikipita bila kuchukua hatua, na hakuna sababu ya kipekee, anahesabiwa ameacha haki ya kuadhibu kwa kosa hilo. Meneja alijua siku ileile, akanyamaza.

Zikabaki nne: 10, 12, 16 na 17 Juni. Tarehe 18 nikamwita kijana, nikamwonyesha daftari, nikamuuliza kabla sijaandika neno lolote. Kuhusu tarehe 12 alisema alimpeleka mtoto hospitali, na alimpigia simu msimamizi asubuhi. Nikamwita msimamizi, naye akakiri kwamba alimruhusu, ila alisahau kumwambia meneja. Hiyo nayo ikatoka. Kwa zile tatu nyingine hakuwa na la kusema isipokuwa kwamba bodaboda wake humchelewesha. Nililiandika hilo pia, maana jibu lake lina haki ya kuwa ndani ya barua hata kama halitoshi.

Barua ya tarehe 19 Juni ilisomeka hivi:

"Kulingana na mkataba wako, kazi inaanza saa 1:30 asubuhi. Daftari la getini linaonyesha kuwa uliingia saa 1:55 tarehe 10 Juni (dakika 25), saa 2:10 tarehe 16 Juni (dakika 40) na saa 2:05 tarehe 17 Juni (dakika 35). Msimamizi alikuonya kwa mdomo tarehe 10 na 16. Katika kikao cha 18 Juni ulieleza kuwa unacheleweshwa na usafiri. Maelezo hayo tumeyazingatia, lakini hujatoa taarifa hata siku moja kati ya hizo. Hili ni onyo la kwanza la maandishi. Kuanzia 20 Juni unatakiwa kuwa umesaini daftari ifikapo saa 1:30. Ukipatwa na dharura, mpigie msimamizi simu kabla ya saa hiyo. Tutakutana Alhamisi tarehe 17 Julai, saa 9 alasiri, kupitia daftari pamoja. Ukiendelea kuchelewa bila taarifa, hatua inayofuata inaweza kuwa onyo la mwisho. Kama hukubaliani na lolote hapa, tuandikie ndani ya siku tano za kazi. Sahihi yako inathibitisha kuwa umeipokea barua hii tu, si kwamba umekubali yaliyomo."

Meneja alitaka niongeze "uvivu" na "dharau". Nilikataa: daftari linaonyesha dakika, halionyeshi moyo wa mtu. Pia alitaka niandike "utafukuzwa". Kwa onyo la kwanza hilo ni tishio usiloweza kulitekeleza, kwani kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu lazima umsikilize kwanza, akiwa na mwenzake aliyemchagua mwenyewe.

Nilimsomea barua kwa sauti, akasaini, akabaki na nakala yake. Angekataa kusaini, ningemwita shahidi aandike kwamba imekabidhiwa na kukataliwa, basi.

Mahali ambapo wengi wetu huharibu ni ile tarehe ya mapitio. Inaandikwa, inapita, hakuna anayeita mtu, na miezi minane baadaye barua inafufuliwa siku bosi amekasirishwa na jambo lingine kabisa. Mimi niliiandika ya kwetu kwenye kalenda ya ukutani. Tarehe 17 Julai tulifungua daftari tukiwa watatu. Kuanzia 20 Juni alichelewa mara moja, dakika 10, tarehe 3 Julai, na simu alipiga saa 1:10. Nikaandika chini ya nakala ya faili: "Imepitiwa, ametimiza, hakuna hatua zaidi." Meneja akasaini, ingawa kalamu aliishika muda mrefu kidogo.