Waranti ya kompresa miaka 10: inalipa nini hasa?

"Friji yangu ina miezi 14, haigandishi. Stika mlangoni inasema kompresa miaka 10, duka hapa Kigoma mjini wanasema waranti imeisha. Nani mkweli?"

Mkuu, huenda wote. Kwa kawaida friji zima hupewa mwaka 1 au 2, na ile miaka 10 ni ya kompresa peke yake, kile chuma cheusi cha nyuma chini. Gesi, ufundi, usafiri na mara nyingi hata bodi ya umeme unalipa mwenyewe. Soma kadi yako, siyo stika. Stika ni tangazo.

Kwanza hakikisha kama ni kompresa kweli. Ukisikia "tak" kila baada ya dakika chache halafu kimya, inaweza kuwa rilei tu, kifaa cha bei ndogo kinachoiwasha kompresa. Fundi anaweza kuichomoa na kupima pini tatu za kompresa kwa mita bila kugusa gesi. Asikate bomba wala kuchomelea! Bomba likishakatwa na fundi wa mtaani, dai lako kwa kawaida limekufa. Kubandua stika ya serial namba ya friji nako kunaua dai, na umeme uliopanda ghafla huwa haulipiwi.

Kompresa ikiwa mbovu, peleka dukani risiti ya EFD, kadi yenye muhuri na picha ya hiyo namba. Risiti hufifia, ipige picha leo. Omba wakupe karatasi yenye tarehe uliyoripoti, na waandike nani analipa nauli ikibidi friji iende Dar.