Lita 5.4 za kwenye karatasi zinaenda wapi? Jibu kwa mwenye gari linalokunywa

"Wakuu, gari langu kwenye karatasi wameandika lita 5.4 kwa km 100, mimi sijawahi kushuka chini ya 8.5. Plagi mpya, filta mpya, nozeli zimesafishwa, bado tu. Nimeuziwa gari bovu au hizo namba ni uongo?"

Mkuu, achana na nozeli kwanza. Mimi mizunguko yangu mingi ni ya foleni na nimepima wese kwa miaka na magari tofauti, na hilo pengo lako nalijua vizuri, gari linaweza kuwa zima kabisa na bado ukapata 8.5.

Hiyo namba haikupatikana barabarani. Gari linawekwa juu ya rola ndani ya chumba chenye nyuzi 23, dereva anafuata mstari kwenye skrini unaomwambia sasa nenda mwendo huu, sasa simama. Kwa kipimo cha WLTP kilichoanza Ulaya 2017 mzunguko wote ni dakika 30, km 23 na kidogo, wastani wa mwendo ni km 46 kwa saa, na muda wa kusimama kabisa hauzidi dakika 4 hivi. Kiyoyozi kimezimwa muda wote.

Shika hapo kwenye wastani wa 46 na kiyoyozi kuzimwa, maana ndipo lita zako nyingi zinapopotelea. Matumizi tunayahesabu kwa kilomita lakini kuna vitu ndani ya gari vinakula wese kwa saa, havijali umetembea au umesimama. Chukua kompresa ya kiyoyozi inayovuta kilowati 1 kutoka kwenye injini, hapo ni kama lita 0.45 za petroli kila saa. Ukiwa haiwei kwenye 100 utamaliza km 100 ndani ya saa moja, kwa hiyo kiyoyozi kimekugharimu hiyo hiyo 0.45, huioni hata. Sasa weka gari hilo hilo kwenye foleni wastani km 15 kwa saa, km 100 zinachukua saa 6 na dakika 40, kiyoyozi peke yake kimekula lita 3. Na bado hujahesabu sailensa, injini ndogo ikinguruma tu bila kutembea inakula kama lita 0.7 kwa saa, ukiwa umesimama nusu ya huo muda ni lita 2 na ushee zingine. Wenye gari linalojizima lenyewe kwenye taa wanajiona wako salama, ila angalia vizuri siku ya jua kali, kiyoyozi kikielemewa mara nyingi mfumo unagoma kuzima injini au unaiwasha tena kabla hujaondoka.

Kingine ni injini baridi. Kwenye kipimo inawashwa baridi mara moja halafu inakimbia km 23, hasara ya kupasha moto inagawanywa humo. Wewe ukienda km 3 ukazima, ikapoa, ukarudi, kila safari yako ni ya injini baridi.

Haiwei shida ni upepo. Upinzani wa hewa unapanda kwa mwendo ukizidishwa kwa mwendo, kwa hiyo kutoka 100 kwenda 120 unaongezeka asilimia 44. Upinzani wa tairi haubadiliki sana, ukijumlisha yote gari la kawaida linadai nguvu zaidi kwa karibu asilimia 30, yaani lita 4.8 inakuwa 6.2 hivi. Kipimo nacho kinagusa 131 ila ni kwa muda mfupi tu, wewe unakaa kwenye 120 saa nzima. Na rola hazijui kama juu umefunga keria, zenyewe zinasukuma kwa ugumu uliopimwa kabla kwa kuliachia gari lijiendee nyutro kwenye barabara tambarare.

Kwahiyo kujua kama gari lako ni bovu, usipime foleni. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, zima kiyoyozi, injini ikiwa imeshapata moto nenda barabara tambarare kwenye 80 mpaka 90 safari ndefu, rudi njia ile ile ili upepo na vilima vijifute, jaza tena pampu ile ile mpaka ikate, gawanya mwenyewe. Ile ya dashibodi usiitumie, kwangu imekuwa ikisoma chini ya pampu karibu kila mara. Ukipata namba iliyo jirani na 5.4 gari ni zima, zinazobaki ni foleni na kiyoyozi. Ukipata 7 hata kwa mwendo huo basi kuna tatizo, anza na upepo wa tairi, halafu gusa rimu zote ukishuka, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake breki imeshika hapo, halafu cheki kama mshale wa temperecha unachelewa kupanda au unashuka ukiongeza mwendo, hiyo ni thamostati imebaki wazi na injini inachoma mafuta kama bado ni baridi.