Nukuu si mbadala wa hoja: kwa mnaoandika tasnifu mwaka huu

Msimu wa rasimu umefika tena. Stesheneri za Arusha zimejaa, karatasi zinatoka mashineni zikiwa bado moto, na ndani yake ni makosa yaleyale ya mwaka jana na mwaka juzi. Wadogo zangu, tuzungumze.

1. Nukuu iliyoshushwa kama mzigo stendi. Hili ndilo kosa lenyewe, na hakuna kati yetu tunaosahihisha ambaye hakulifanya alipokuwa mwanafunzi. Tazama aya hii, ambayo kila mwaka huja na jina jipya juu yake:

"Ukoloni ulisababisha umaskini wa Tanganyika. Azimio la Arusha linasema, 'Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa' (TANU, 1967). Hivyo basi, ukoloni ulikuwa na madhara makubwa."

Alama za kufunga na kufungua zipo, mwaka upo, chanzo kinaheshimika. Lakini soma tena taratibu. Dai ni kwamba chanzo cha umaskini ni ukoloni. Nukuu haikutaja ukoloni wala umaskini. Imetaja unyonge, tena unyonge "wetu". Mwandishi amemleta shahidi mahakamani, shahidi akasema jambo jingine, naye akamshukuru na kuendelea. Na "Hivyo basi" inajifanya daraja mahali ambapo hakuna hata mto.

Kinachosababisha hili ni mpangilio wa kazi: mwanafunzi hukusanya nukuu kwanza, kisha hutafuta sentensi za kuzibandika katikati. Geuza. Andika dai lako kwa sentensi moja kabla ya kufungua chanzo, kisha uliza: neno gani hasa katika nukuu hii linabeba dai langu? Ukikosa neno la kunyooshea kidole, nukuu hiyo si yako.

Katika sentensi ya Azimio, neno lipo, nalo ni dogo: "ndio". Waandishi wangeweza kusema "unyonge wetu ulitufanya tuonewe", na unyonge ungekuwa sababu mojawapo tu. "Ndio" inauteua. Kisha tazama vitenzi: kuonewa, kunyonywa, kupuuzwa, vyote katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hakutajwa. Sasa una jambo la kusema:

"Katika sentensi hii Azimio halimtaji mwonevu. Linauteua unyonge, kwa neno 'ndio', kuwa chanzo cha kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa (TANU, 1967). Chanzo kikiwa katika hali ya anayeonewa, tiba nayo hutafutwa hapohapo. Ndiyo maana sentensi inayofuata inataka 'mapinduzi ya kuondoa unyonge', si fidia kutoka kwa mwonevu."

Nukuu zimepungua hadi neno moja na kipande kimoja, na dai limekuwa la mwandishi. Angalia pia maneno "katika sentensi hii". Usiyafute ili aya ionekane na nguvu. Ukiandika "Azimio zima halimtaji mwonevu", msimamizi atafungua ukurasa mwingine na utakwama.

2. Jaribio la kiganja. Funika nukuu zote kwa mkono, soma kilichobaki. Kama hoja imetoweka, aliyeandika aya si wewe.

3. Viambishi. Miongozo mingi ya kunukuu iliandikwa kwa Kiingereza, na hapa haisaidii sana. Ukiandika: Azimio linaeleza kwamba unyonge "ndio uliotufanya tuonewe", huyo "-tu-" ni nani? Ndani ya Azimio ni wananchi. Ndani ya sentensi yako amekuwa wewe na msimamizi wako. Kanuni inaruhusu mabano ya mraba, lakini "ulio[wa]fanya [wa]onewe" ni kituko cha kusoma. Kata nukuu kabla ya kiambishi kinachogongana, uache neno unalolihitaji, na mengine uyaseme kwa maneno yako huku ukibakiza chanzo.

4. Urefu. Wanaofuata APA wanajua kwamba nukuu ya maneno 40 au zaidi hujitenga kwenye kizuizi chake, bila alama za nukuu. Sasa mtu huhesabu maneno 38 akajiona salama. "Tusinyonywe" ni neno moja, na limebeba kiima, ukanushi, kitenzi na kutendwa. Maneno 38 ya Kiswahili ni shehena. Kila mstari unaonukuu uwe tayari kuueleza. Ambao huna la kusema juu yake, utoe.

5. "Anasema" mara kumi na mbili katika ukurasa mmoja, jamani. Lakini usibadilishe kwa ajili ya pambo. "Anakiri" maana yake jambo hilo linamwumiza mwenyewe, na "anadai" tayari umemtilia shaka. Ukiandika "mwandishi anakiri" kuhusu jambo analojivunia, umemlisha maneno bila hata kugusa nukuu yake.