Kusimamisha uanachama wa jimu ukiugua

"Nimelipia jimu hapa Kisumu hadi 31 Desemba. Mgongo umeniuma, daktari kanikataza mazoezi miezi 4. Nifute?"

Pole sana, dada. Kwa miezi 4, simamisha tu. Kufuta kunafaa daktari akisema hutarudi. Barua yake ionyeshe tarehe ya kuanza kupumzika na ya kurudi, sahihi na muhuri. Si lazima itaje ugonjwa wako: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Ipeleke mapema, kwani jimu nyingi huhesabu tangu siku ya kuipokea. Wengi hukwama hapa: meneja anakubali kwa mdomo, kisha Januari kadi inakataliwa mlangoni. Dai jibu la maandishi linalosema 31 Desemba sasa ni 30 Aprili.