Wastani usiochelewa: unauziwa nini hasa?

*"Mwalimu, niko Nakuru, nafuatilia bei ya dhahabu kwenye simu. WMA, yaani wastani wenye uzani, ya mishumaa 16 inanichelewesha. Kuna jamaa anauza kiashiria kwa shilingi 5,000, anasema hakichelewi wala hakina kelele. Ninunue?"*

Usinunue. Nikiwa hapa Kisumu naletewa viashiria vya namna hiyo kila mara, na nikivifungua karibu vyote ni wastani wa Hull, ambao Alan Hull wa Australia aliuunda mwaka 2005. Ni wa bure, mstari mmoja tu wa Pine Script, lugha ya TradingView:

```
ta.wma(2*ta.wma(close, 8) - ta.wma(close, 16), 4)
```

Mshumaa ni kipindi kimoja kwenye chati, tuseme siku moja. WMA ya 16 huipa bei ya leo uzani 16, ya jana 15, hadi 1, kisha jumla hugawanywa kwa 136. Bei ikipanda kwa mwendo ulionyooka, wastani huo hubaki nyuma mishumaa 5. Ule wa 8 hubaki nyuma 2.33. Tofauti kati yao inakadiria umbali ulioachwa, kwa hiyo tunaiongeza juu ya ule mfupi. Matokeo yanatangulia bei kidogo, na yana mikwaruzo. WMA ya 4 huyalainisha na kurudisha mshumaa 1 wa uchelewaji. Mwisho unabaki 0.67.

Sasa hapo kwenye "hakina kelele" ndipo ninapokosa subira. Kelele tupu, yaani mitikisiko ya bei isiyo na mwelekeo, ikipita kwenye WMA ya 16, inabaki asilimia 28 ya ukubwa wake. Kwenye Hull ya 16 inabaki 49. WMA ya 3, yenye uchelewaji uleule wa 0.67, inaacha 62. Kwa hiyo Hull ni laini kuliko wastani mwingine wenye kasi yake, lakini si laini kuliko huo ulio nao.

Na gharama nyingine wauzaji hawaitaji kabisa. Chukua bei iliyotulia kwenye 100, ikaruka hadi 110 na kukaa hapo. Mshumaa wa tano tangu iruke, WMA yako iko 105.1 na Hull iko 109.9, safi kabisa. Lakini wa nane Hull imefika 112.5, bei ambayo haijawahi kuwapo sokoni, kisha inaanza kushuka. Rangi inageuka nyekundu, mshale wa "uza" unatokea, na bei haijasogea hata senti. Chanzo ni ile sehemu ya kutoa: bei za zamani zina uzani hasi.

Wauzaji wa mishale hukuonyesha picha za jana pekee, zenye mwelekeo mrefu ulionyooka, mahali ambapo Hull hupendeza. Mwingine husoma mshumaa ambao haujafungwa, mshale ukatokea saa nne na kufutika saa tano, kisha picha ya jioni ikaonekana haina kosa. Anayekuuzia, mwambie akiendeshe kiashiria chake mbele yako kwenye bei iliyoruka ikatulia, mishumaa 20 mbele, bila kufuta kitu.