Jina la mtoto kabla ya siku ya saba

"Shikamoo mama. Mavyaa asema mtoto asitajwe jina mpaka siku ya saba, na hospitali nasikia wataka jina kabla hatujatoka. Hizo siku za katikati tumwite nani, na hiyo saba tuihesabu vipi?"

Marahaba mwanangu.

Mavyaa wako anafuata mila njema, wala usimpinge, lakini ujue kwamba kungoja si lazima. Mtume mwenyewe alimpa mwanawe jina la Ibrahim usiku ule ule aliozaliwa. Kwa hivyo siku ya kwanza yafaa na siku ya saba yafaa. Huku pwani tumezoea kungoja kwa sababu ya akika. Mwenye kuchinja husema, baada ya kumtaja Mungu, kwamba hii ni akika ya fulani, na hapo panatakiwa jina. Ndiyo maana jina na kisu vikapangwa siku moja. Mtoto akizaliwa dhaifu au akaugua, msingoje kitu: mpeni jina lake hapo hapo.

Kwa siku hizo za katikati wazee wetu wana jina la utotoni, na mara nyingi hulitoa bibi au shangazi kwa kumtazama mtoto au kwa kutazama wakati alipozaliwa. Aliyezaliwa usiku huitwa Chausiku, aliyezaliwa mdogo huitwa Kadogo, ambaye mimba yake haikutarajiwa huitwa Sikudhani. Jina la ukubwani hutolewa na wazazi baadaye, na baadhi ya nyumba huchukua hata siku arobaini. Mimi nakushauri mumwite Kadogo, au "mwana" tu. Jina la utotoni lina tabia ya kuganda. Mashaka aliyeitwa hivyo kwa sababu ya uchungu wa siku mbili hubaki Mashaka mpaka akaoa, na akina Chausiku wangapi wana jina jingine ambalo hata majirani hawalijui. Basi chagueni neno ambalo mtoto akibaki nalo halitamuumiza, na watu wote wa nyumba walitumie hilo hilo moja. Mkiwa kila mmoja na lake, shangazi ataanza kuwatangazia watu lile alilolipenda yeye, na siku ya akika mtaanza kubishana mbele ya wageni.

Wodini usiwe na wasiwasi. Mtoto asiye na jina huvishwa utepe ulioandikwa "mtoto wa" na jina la mama. Hatari yake ni kwamba akina Fatuma wawili wanaweza kulala wodi moja. Hakikisha utepe una majina yako yote, nambari yako ya hospitali, jinsia ya mtoto na saa aliyozaliwa. Kila anaporudishwa kwako kutoka kupimwa au kuchanjwa, soma utepe kabla ya kumpokea. Usikubali waandike Kadogo popote, maana karatasi ile haijui kuwa ni jina la mapito.

Sasa hesabu ya siku, ambapo watu hukosea sana. Siku yetu huanza magharibi, si saa sita ya usiku. Na kwa madhehebu yetu ya Shafi, akizaliwa mchana, siku hiyo inahesabiwa kuwa ya kwanza. Akizaliwa usiku, mnaanza na mchana unaofuata. Tuseme umejifungua Jumatatu saa kumi jioni, jua bado lipo. Jumatatu ni moja, Jumanne mbili, na Jumapili ndiyo saba. Lakini tuseme umejifungua Jumatatu hiyo hiyo saa mbili usiku. Hapo tayari ni usiku wa Jumanne. Jumanne ndiyo moja, na saba inaangukia Jumatatu ya pili. Hospitali itaandika Jumatatu katika hali zote mbili, na anayehesabu kwa tarehe ya kadi tu atachinja siku moja mapema. Basi mwambie mumeo aandike saa, na aandike kama ni kabla au baada ya adhana ya magharibi. Utakapowasikia wengine wanaanza kuhesabu kesho yake hata kwa aliyezaliwa mchana, usigombane nao, wao wanafuata madhehebu ya Malik. Na saba ikiwapita kwa uchache wa pesa, ichukueni kumi na nne, au ishirini na moja.

Mnyama mumtafute kabla. Mtoto wa kiume ni wawili, wa kike ni mmoja. Asiyeweza wawili, mmoja unamtosha mvulana pia. Kondoo awe ametimiza mwaka, mbuzi awe ametimiza miaka miwili, asiwe chongo, kiguru, mgonjwa wala aliyekonda. Watu hudanganywa zaidi kwenye umri wa mbuzi, kwa hivyo aende mtu anayejua kutazama meno. Mchinjaji aambiwe mapema kwamba mifupa haivunjwi, anatenganisha kwenye viungo kwa kisu. Asipoambiwa atatumia shoka kwa mazoea, na mkisema tayari nyama imekatwa. Jambo hilo ni sunna tu, likipita akika haiharibiki. Nyama ni bora ipikwe kisha igawiwe, na mguu mmoja apelekewe mkunga.

Siku hiyo hiyo mtoto hunyolewa na nywele zake hupimwa, mkatoa sadaka ya fedha ya uzito huo. Msitumie mizani ya jikoni. Nywele za kichanga mara nyingi hazifiki gramu mbili, na mizani ile itasoma sufuri. Zifungeni kwenye karatasi mpeleke kwa sonara, apime, atoe uzito wa karatasi, awatajie bei ya fedha. Wembe uwe mpya, kichwa kiwe kimeloweshwa, na anayenyoa apite kwa wepesi kwenye utosi, maana hapo mfupa haujafunga. Ikiwa ngozi ya kichwa ina vidonda, ahirisheni kunyoa tu, jina lisiahirishwe.

Tamko la jina lenyewe ni fupi. Lakini kabla ya siku hiyo nyinyi wawili kaeni muandike jina lote kwenye kipande cha karatasi, herufi kwa herufi. Khadija au Hadija, Fatma au Fatuma, Athman au Othman: kwa masikio ni mtu mmoja, kwa karani ni wawili. Karatasi hiyo ndiyo mtakayonakili kila mahali, kuanzia kijitabu cha kliniki, ambako bado mtoto ameandikwa "mtoto wa" na chanjo zake za kwanza. Mwombe muuguzi alijaze jina mara ya kwanza mtakaporudi, kabla nambari za chanjo hazijazidi.

Kuhusu hospitali kutaka jina, hapa Kenya sheria haiwalazimishi kuwa nalo siku hiyo. Kuzaliwa kunatakiwa kuandikishwa ndani ya miezi 6, kwa hivyo siku saba, hata arobaini, zimo ndani kwa raha. Waambie wajaze taarifa ya kuzaliwa pasipo jina, na nakala yako uitunze. Na hata mtoto akiandikishwa bila jina, au mkabadilisha lile mliloandika, mzazi ana miaka 2 tangu kuandikishwa kulipeleka jina kwa msajili, kwa ada na ushahidi atakaoutaka. Linalowaponza watu ni kumwambia karani jina la utotoni kwa haraka ya kutaka kuruhusiwa kutoka, kisha miaka 2 inapita bila mtu kukumbuka, na mtoto anaingia shule kwa jina moja na cheti kina jingine.